Barua Pepe Isiyo na Kosa

Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Jumatano niliwaandikia wazazi barua pepe ya mistari mitatu: mkutano wa Ijumaa si saa tatu asubuhi tena, ni saa nane mchana. Naibu wa mwalimu mkuu akaizuia ili airekebishe. Siku mbili nzima alihamisha koma, akakata sentensi, akanirudishia niandike upya. Ilitumwa Ijumaa yenyewe saa moja asubuhi, safi kabisa.

Saa tatu nilimkuta mama mmoja kutoka Mashuuru ameketi langoni, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa ameondoka nyumbani alfajiri, barua ikamkuta njiani.

“Nimeielewa vizuri sana, mwalimu,” aliniambia. “Sasa nikae wapi mpaka saa nane?”