Fomu ya Mokami

"Hajitumi. Abadilike."

Ndivyo Daktari Desderius, mganga mfawidhi wa kituo cha afya, alivyoandika kwenye fomu ya tathmini ya muuguzi Mokami. Kabla ya kumfikia mwenyewe, fomu ilipita kwa Sista Bupe, muuguzi kiongozi aliyehamia Tarime kutoka Mbeya miaka tisa iliyopita, ambaye wauguzi wote walimwita mama.

Bupe akairudisha. "Daktari, umeona nini hasa?"

"Anachelewa."

Wakafungua daftari la mahudhurio, kisha Bupe akaandika upya: "Mwezi huu amechelewa Jumatatu tatu, nusu saa kila mara, na wenzake wa usiku wakamsubiri. Siku nyingine zote aliwahi. Wazazi wanasifu anavyowafundisha kunyonyesha. Awahi makabidhiano ya zamu saa moja na nusu asubuhi. Akikwama, apige simu mapema."

Desderius akasoma taratibu, akasaini.

Mokami naye aliisoma mara mbili. "Ni kweli, mama. Jumatatu nampeleka mwanangu kijijini Kerende kwa bibi yake, anakaa huko hadi Ijumaa."

"Ungesema, binti yangu. Jumatatu nitakupanga zamu inayoanza mchana."

Hakuchelewa tena. Na Desderius akaanza kumuuliza Bupe ameona nini kabla ya kujaza fomu za wauguzi.