Sinki Mbili kwenye Ukuta wa Futi Tano

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi, na hasira zangu nyingi ni za asubuhi. Tunaishi wawili, mimi na dada yangu mkubwa, katika nyumba tuliyoachiwa na wazazi hapa Garissa. Bafu ni moja. Yeye mwalimu, mimi nesi. Sote tunataka udhu, uso na meno kwa wakati mmoja, na ikifika saa kumi na mbili na nusu tuwe tumeshatoka getini. Miaka nenda miaka rudi nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni, nikitazama mgongo wake.

Kwa hiyo tulipoamua kutengeneza bafu upya, nikasema: sinki mbili. Kila mtu na yake, tupumzike.

Fundi, mtu wa Mwingi, akapima ukuta, akatikisa kichwa. "Daktari, huu ni futi tano. Sinki mbili ndogo zitaingia, lakini zitaumaliza ukuta wote. Wekeni moja kubwa ya futi tatu, nitie mifereji miwili, msimame bega kwa bega. Hapa pembeni panabaki nafasi ya mfereji wa chini, wa kuoshea miguu, na kistuli cha kukalia."

"Abaayo, msikilize fundi," dada akasema; ndivyo tunavyoitana kwa Kisomali, dada kwa dada. "Mimi miguu nitaoshea wapi?"

"Utaoshea unapooshea siku zote!"

Yaani kwenye sinki, kama nusu ya mji huu. Anashika ukuta, anainua mguu, anauweka ndani. Sinki yetu ya zamani ilisimama juu ya nguzo ya saruji, ilivumilia. Fundi akanionya kwamba hizi mpya zitaning'inia kwa bolti mbili tu, ni za mikono, si za kubeba mtu. Nikamwambia afanye kazi. Nilishaamua, na mimi nikishaamua, basi tena.

Wiki mbili nilikuwa malkia. Halafu asubuhi moja tukachelewa sote. Mimi napiga mswaki kwangu, yeye ameinua mguu kwake, na kwa haraka akauegemea. Nikasikia kitu kikipasuka. Sinki ikang'oka ukutani, ikavunjika sakafuni, na maji yakaanza kuruka kutoka kwenye paipu. Nikapiga magoti nikafunga valvu. Nilipoinua uso, maji ya sakafuni yalikuwa mekundu.

"Pole, abaayo, nimevunja moja ya sinki zako," dada akasema. Alikuwa amesimama wima juu ya vigae vya sinki, kipande kimemwingia kisiginoni.

"Mguu wako!"

"Mguu una nini?"

Ya Rabbi! Hapo ndipo woga uliponishika, na haujaniachia mpaka leo. Dada ana ugonjwa wa sukari. Kila nilipomuuliza habari za miguu, jibu lilikuwa lile lile: mizima, alhamdulillahi. Na mimi, nesi mzima, nikaridhika. Nimefunga vidonda vya miguu wodini, najua vinavyoanza: kidonda kidogo ambacho mwenyewe hakisikii. Najua pia vinavyoishia, na karatasi ambayo jamaa huletewa kutia sahihi kabla ya mguu kukatwa. Bendeji ikanishinda kufunga. Yeye ndiye aliyeifunga.

Akashonwa. Wiki zilizofuata, kila nikifungua kile kidonda nilikinusa kwanza kabla ya kukitazama. Usingizini niliona vidole vyeusi. Sikumwambia. Nilikuwa namfokea tu: kaa chini, vaa viatu, umekula nini! Nilimfokea kwa sababu niliogopa, na kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Kidonda kilipofunga, nilimwita fundi tena. Aliondoa sinki iliyobaki, akamwaga zege, akaweka ile moja kubwa juu yake, mifereji miwili, na pembeni mfereji wa chini na kistuli. Hakuniambia, "Si nilikuambia?" Afadhali angesema.

Sasa asubuhi tunagongana viwiko. Anatema povu upande wangu, namkaripia, anacheka. Kisha anakaa, anaosha miguu yake, nami napiga magoti na taulo. Namkausha katikati ya vidole, natazama nyayo, halafu namwambia afumbe macho nimguse na pamba nione anasikia wapi.

Juzi tulikuwa na haraka. Akafumba macho.

"Hapa unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia, abaayo, nasikia vizuri. Twende, kengele italia."

Pamba ilikuwa bado mkononi mwangu. Sikuwa nimemgusa.