Nilipokwenda redioni kudai maneno yangu yafutwe

Maneno yale niliyasema mimi. Hilo sijawahi kulikataa, wala mbele ya wanaume waliokuja uani kwetu kunifokea.

Dada mmoja mwandishi wa redio ya jamii alipanda kijijini kwetu, juu ya Nyakakika, akitaka kujua akina mama tunajifunguaje mahali ambapo gari halifiki. Nikamwambia tunabebwa kwa engozi. Engozi ni machela yetu ya miti na kamba. Wanaume wanne wanaiweka mabegani, wengine wanafuata nyuma ili kuwapokea wakichoka, mpaka wafike barabarani penye gari. Kila nyumba ina mtu kwenye kikundi cha engozi. Nyumba inayogombana na kikundi itajibeba yenyewe.

Mimi nilibebwa siku ya uchungu wa huyu mwanangu ninayemnyonyesha. Nikaisemea simu ya yule dada, nayo inarekodi: "Walinitua pale wanapokamulia rubisi, uchungu umeshanishika, nikasikia wanacheka na kibuyu kinazunguka." Rubisi ni pombe yetu ya ndizi. Yule dada aliuliza kama anaweza kutumia jina langu na picha. Nikasema atumie, kwani nimeiba? Akanipiga picha mtoto akiwa mapajani, akashuka zake.

Habari ikasomwa redioni, ikawekwa na kwenye ukurasa wao wa mtandaoni. Mimi nina kitochi, mtandao siuoni. Aliyeniletea taarifa ni baba mdogo wa mume wangu, na huyo ndiye mwenyekiti wa engozi. Alisimama uani na wenzake, hakuketi.

"Kumbe sisi ni walevi?"

"Shikamoo, baba."

"Shikamoo yako ipeleke redioni. Watu wa Kaisho wanatucheka. Mjomba wangu yuko Uganda kule, kanipigia simu ananicheka! Tumekaa, tumekubaliana. Mpaka maneno yako yatoke, engozi haikanyagi hapa."

Alisema hivyo akijua wazi nani amelala ndani. Mama mkwe wangu alianguka kwenye migomba akaumia nyonga. Pikipiki hawezi kuipanda, akikaa tu analia. Alhamisi alitakiwa kurudi hospitali kwa daktari, na daktari alishasema wakichelewa mguu utaunga vibaya. Bila engozi hafiki. Ndivyo ilivyokuwa, na kila mtu pale uani alijua.

Nikampigia mume wangu, yuko Kaisho anachunga ng'ombe wa watu. "Si wewe uliyesema? Nenda ukafute," akanijibu, kana kwamba ni vumbi kwenye kabati. Nikamkatia simu. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia baba mdogo, na zaidi ya wote nikaikasirikia redio. Wao wamepata habari yao, wameshuka mlima, mimi ndiye niliyebaki nayo.

Kesho yake nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda mjini. Mhariri nilidhani nitamkuta mzee mwenye tai. Nikamkuta mama wa makamo ana mafua, kitenge mabegani, anapenga kwenye leso. Nikaanza kabla hajanikaribisha.

"Futeni maneno yangu. Yote. Sasa hivi, nikiona."

"Kaa kwanza, mama."

"Sikuja kukaa."

"Basi mkalishe mtoto."

Nikakaa. Akamwita yule dada mwandishi, akamwambia aweke sauti niliyorekodiwa. Nikajisikia mwenyewe nikisema yale yale, na nikijibu kwamba jina watumie. Mhariri akaniuliza taratibu, kimoja kimoja. Je, nilijua naongea na redio? Nilijua. Je, wamenibadilishia neno? Hapana. Je, niliyoyasema yalitokea kweli? "Nilikuwa nimelala kwenye engozi, si kaburini. Yalitokea."

"Sasa unaona nilivyobanwa," akasema. "Juzi kuna mkubwa alikuja hapa, anataka tufute aliyoyasema kuhusu barabara. Tunayo sauti yake, tukamkatalia. Wewe nikikufutia kwa kuwa watu wamekasirika, yeye nitamwambia nini?"

"Yeye ana gari. Mwambie hivyo."

Yule dada akacheka. Mhariri hakucheka. "Ni kweli," akasema. "Hilo nalo linapimwa. Yeye anataka kuficha kazi aliyolipwa kuifanya. Wewe hujachaguliwa na mtu, na unaishi hapo hapo na unaowasema." Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Nani amekutuma?"

"Engozi imenituma."

"Kama wasingekuwepo, wewe mwenyewe ungetaka yafutwe?"

Kusema kweli nilitaka wanaume wale wasikie. Nilikuwa nimesubiri tangu siku ile mtu aniulize. "Hapana," nikasema. "Lakini mama mkwe wangu atabebwa na nani? Na wewe?"

Nikamweleza habari ya nyonga na Alhamisi. Hapo akaacha kupenga. Akasema wangeweza kuondoa jina langu na kubakiza maneno. Nikamwambia hilo lingenifaa mbele ya watu wa Dar. Kwetu nani hajui ni mimi, na sura yangu wameshaiona? Akakubali. Alisema hata wakifuta, kilichosambaa kwenye makundi ya simu hakirudi, na asingependa niondoke pale nikidhani kimerudi.

"Hebu nioneshe hicho walichokisoma," nikasema. "Mimi mwenyewe sijakiona."

Walitazamana. Nadhani hawakuwahi kufikiri kwamba mwenye maneno ndiye hajaona. Yule dada akanipa simu yake. Pale juu ipo picha yangu na mtoto, na maandishi makubwa mekundu: WALEVI WAMTELEKEZA MJAMZITO NJIANI. Maneno yangu yenyewe yako chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mchele.

Nikasimama na mtoto mgongoni. "Nani kasema walevi? Mimi? Weka sauti tena! Nani kasema walinitelekeza? Walinifikisha! Nilijifungulia kitandani, nesi yuko pembeni, kwa sababu wale wapumbavu walinifikisha!"

Yule dada akaangalia sakafu. Mhariri akasema, "Kichwa hicho nilikiandika mimi."

Hakujitetea, na hilo lilinipunguza kasi. Akamgeukia mwandishi. "Wabebaji uliwauliza?"

"Mwenyekiti hakupatikana."

"Ulimpigia?"

"Nilipiga mara moja."

"Basi hukumuuliza. Mpigie sasa."

Wakampigia, sauti juu mezani. Mhariri akajitambulisha, akamwambia anarekodiwa na kwamba anapewa nafasi ya kujibu. Baba mdogo akamwaga. Kwamba siku ile ilikuwa Jumapili. Kwamba mabega ya wale wa kwanza yalikuwa yamekwisha, na Jumapili mabega mapya unayapata wapi kama si pale kwenye rubisi? Walitua kutafuta watu. Ningekaa pale juu kwenye migomba wakitafuta nyumba kwa nyumba, ningezaa na kumaliza.

Hilo sikulijua. Nilikuwa nimefumba macho, nasikia kicheko tu.

"Na kibuyu, mzee?" mhariri akauliza.

"Kibuyu… wawili walikunywa. Kiu. Wewe mama umewahi kuupanda mlima ule na mtu begani?"

Nikashindwa kuvumilia. "Na mimi sikuwa na kiu?"

"He! Huyo yupo hapo?"

"Nipo, baba! Na walevi sikusema! Waulize wenyewe!"

Mhariri akainama kwenye simu. "Ni kweli, mzee. Ameomba hata tuyafute maneno yake. Neno walevi ni letu, yeye hakulisema, na tutalisema hivyo hewani."

Upande wa pili akasikika anawaambia watu, "Kumbe ni hao wa redio." Na mwingine kwa mbali, "Si nilisema? Binti yule ana mdomo lakini haongopi." Huyo aliyesema sijamjua mpaka leo. Ningemjua ningempelekea mkungu.

Nikaketi, nikamshusha mtoto mgongoni nikamnyonyesha.

Wakafanya kazi nikiwepo. Kichwa kilibadilishwa, na chini ya habari wakaandika wazi kwamba cha kwanza kilikuwa na makosa, mama aliyenukuliwa hakusema maneno hayo. Hawakukibadilisha kimya kimya. Mhariri alisema ukifanya hivyo, aliyesoma cha jana anabaki na cha jana. Maelezo ya baba mdogo yakaingia, mabega na kibuyu vyote. Ile picha ya maandishi mekundu ikaondolewa, nyingine ikatumwa kwenye makundi yale yale. Maneno yangu yakabaki yote kama nilivyoyasema. Picha ya mtoto niliomba itoke, ikatoka bila maswali, kwani mtoto hakuulizwa. Kuhusu jina aliniachia niamue. Nikasema libaki. Nililisema kwa sauti, mtu asije akadhani nimelazimishwa.

Nikiwa mlangoni, mhariri akanipa namba yake. "Wakiikataa engozi hata baada ya hapa, nipigie kabla ya Alhamisi. Tutakaa tena. Nukuu yako ni nzuri, lakini haizidi mguu wa mama."

Nimeshakutana na watu wanaosema mwandishi asifute kamwe, na wanaosema mwenye maneno akidai arudishiwe tu. Wote hawajawahi kukaa kwenye kile kiti. Mimi ningefutiwa siku ile, wanaume wale wangebaki ni walevi kwenye simu za watu, na mimi ni mwongo aliyekimbia. Ningekataliwa kwa kuwa sauti ipo na idhini nilitoa, mama mkwe angebaki kitandani. Kilichonisaidia ni kwamba yule mama aliuliza: umesema kweli? nani anakubana? utaumia vipi? na sisi tulikosea wapi? La mwisho ndilo wengi hawaliulizi. Bado nina hasira na kile kichwa cha habari. Nikikutana naye nitamwambia tena.

Jioni redio ikasoma masahihisho wakati wa taarifa ya habari, saa ile ile waliyosomea habari ya kwanza. Mama mkwe alisikiliza kutoka kitandani. "Wamesema vizuri," akasema, "lakini wewe ungepunguza sauti, nimesikia ulivyomfokea shemeji yangu." Kumbe na kile cha kufoka walikirusha.

Alhamisi asubuhi, umande ukiwa bado, nikasikia miguu uani. Baba mdogo mbele, wenzake nyuma, engozi begani. Hakunisalimia. Aliingia ndani moja kwa moja, wakambeba mama mkwe kwa uangalifu, mmoja ameshika ile nyonga kama yai.

"Leo hatutui popote," baba mdogo akatangaza, "tusije tukasomwa."

"Mkichoka tueni," mama mkwe akasema akiwa juu kule. "Mimi sizai."

Walicheka mpaka engozi ikayumba, naye akawatukana kwa Kinyambo. Mimi nikafuata nyuma na kikapu cha nguo na chupa ya uji. Baba mdogo akageuka mara moja.

"Mke wa mwanangu. Unakuja kimya kimya hivyo, unaumwa?"

"Naupumzisha mdomo, baba," nikamjibu.