Gari Lisilofika Kwetu

Klabu yetu ilikuwa na watu watatu. Nilituhesabu mara mbili, tukabaki watatu. Mwalimu wa jiografia wa shule ya sekondari ya Kapata, hapa Kolwezi, mama mmoja mwembamba asiyekaa kitini zaidi ya dakika mbili; mchimbaji kutoka Kasai, kijana mwenye mabega mapana, aliyekuwa anachimba kwenye mgodi uitwao Mashamba na kupumzika Jumamosi; na mimi, muuza makava ya simu na vifurushi vya intaneti sokoni.

Kazi yetu ilikuwa moja. Kompyuta inakutupa mahali popote duniani, katika picha ya barabara iliyopigwa na gari lenye kamera juu ya paa. Huambiwi ni wapi. Unazungusha macho, unakisia, unabofya ramani. Ukikaribia unapata pointi nyingi, ukipotea unapata aibu.

Mwalimu aliingia mchezoni kwa ajili ya mimea na mawingu. Mchimbaji aliingia kwa ajili ya udongo. Mimi niliingia kwa sababu sokoni nimejifunza jambo moja: usiangalie bidhaa kwanza, mwangalie aliyeileta. Mwenye simu ya wizi utamjua kwa namna anavyoitoa mfukoni. Basi hata picha, mimi niliangalia gari lililoipiga.

Na gari linasema sana. Ukiinamisha macho ukaona bomba jeusi la kuvuta hewa limepanda kando ya boneti, uko Kenya, usijadiliane na mtu. Ukiona chuma cha juu ya paa kimefungwa utepe mweusi kwenye pembe, hiyo ni Ghana. Ukigeuka nyuma ukakuta gari la polisi linakufuata kama mdai, fikiria Nigeria. Mahema na mizigo juu ya paa, nyasi hadi mwisho wa dunia, hiyo ni Mongolia. Halafu kuna umri wa kamera. Kamera ya kizazi cha kwanza picha zake ni za ukungu, na imepita nchi chache tu, Marekani na Australia zikiwa mbele. Ya pili inaweka duara kubwa la mwanga kuzunguka jua. Ya tatu ni safi zaidi, ila chini inakuachia doa la ukungu mahali gari lilipo. Ya nne inang'aa kama sahani mpya. Nchi iliyopitwa na kamera ya nne peke yake haiwezi kukupa duara la jua la kamera ya pili. Hapo unafuta nchi nyingi kwa mkupuo mmoja.

Yote hayo niliyaandika katika daftari. Mbele, nchi ambazo gari lilifika. Nyuma, nchi ambazo halikufika. Kongo yetu ilikuwa nyuma, mstari wa kwanza, kwa wino mwekundu. Kwenye ramani, barabara zilizopigwa picha zina rangi ya buluu. Kenya imejaa buluu, Uganda ina buluu. Kwetu ni weupe mtupu, na vitone vichache vya watu waliopiga picha za duara kwa vifaa vyao wenyewe na kuzipandisha. Vitone hivyo sikuvihesabu hata mara moja.

Kanuni yangu kwa hiyo ilikuwa fupi: Kongo usibofye kamwe. Na aliyeihitaji kanuni hiyo kuliko wote alikuwa mchimbaji. Kila alipoona udongo mwekundu, alisema ndiyo kwetu, na 'ndiyo' yake ilikuwa 'njo'.

"Njo kwetu ile."

"Ile ni Ghana," namwambia. "Angalia utepe."

"Utepe banaweza kununua popote, papa. Udongo haununuliwi." Papa ni baba; aliniita hivyo hata akinibishia.

"Kama hivyo gari lilipita wapi mpaka kwetu? Lilipita juu?"

Mwalimu alicheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye skrini.

Kompyuta zilikuwa za shule. Ni mashine saba, tano zinawaka. Prefe, yaani mkuu wa shule, alitupa chumba kila Jumamosi mchana kwa sharti moja, akalisema mbele ya walimu wote ili lisibadilike njiani: mashindano ya mtandaoni ya vilabu yalikuwa yanaanza, tukishinda mechi ya kuingia, chumba ni chetu mwaka mzima; tukishindwa, Jumamosi zinarudi kwa masomo ya kuchapa, ambayo wazazi walikuwa wanayaomba. Nilijaribu kupunguza sharti. Nikasema sare ihesabiwe. Prefe akasema mchezo wenu hauna sare. Nikagundua alikuwa ameusoma kuliko nilivyodhani.

Mwalimu ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Mimi nina soko, mchimbaji ana shimo. Yeye alikuwa ameanza kuwaleta wanafunzi wake kumi na wawili saa moja kabla yetu, na tayari wengine walikuwa wanabishana kuhusu mistari ya katikati ya barabara kana kwamba ni mpira. "Batoto bangu banaona dunia hapa," aliniambia. "Darasani niko na ramani moja, na imepasuka kwenye Asia."

Siku ya mechi umeme ulikuja, ukaenda, ukarudi. Nilikuwa nimeleta simu mbili za intaneti, moja ya kazi na moja ya wasiwasi. Wapinzani walikuwa klabu ya Dakar. Raundi tano, kila mmoja picha zile zile, kila picha dakika mbili, hakuna kusogea: unazunguka na kukuza tu pale ulipo. Waandaaji walituma ujumbe asubuhi kwamba raundi nne zitatoka kwenye ramani ya kawaida, na ya tano kwenye ramani ya nchi zote. Niliusoma. Nikafungua daftari, nikahesabu nchi za mbele, nikahesabu tena. Nchi zote zilikuwa zimo. Nikalifunga.

Prefe alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

Raundi ya kwanza, bomba jeusi. Kenya. Mwalimu akaona milima, akasogeza alama karibu na Bonde la Ufa, tukapata pointi nzuri. Ya pili, utepe kwenye pembe ya chuma. Ghana. Mchimbaji akasema kwetu, nikambofyea Kumasi, akanuna. Ya tatu, duara kubwa la jua, magari yanapita kushoto, nyasi kavu, uzio mrefu. Kamera ya zamani. Dakar wakaenda Botswana; mwalimu akazungusha picha mara tatu, miguu yake ikipiga sakafu, akasema Afrika Kusini, upande wa Karoo, na ikawa hivyo. Ya nne, polisi nyuma yetu, vijana wawili wameketi kwenye pikapu. Nigeria. Tulikuwa mbele kwa pointi elfu moja mia sita na kumi. Nilitoa na kujumlisha, nikapata ile ile.

"Musicheke bado," akasema mwalimu, ingawa hakuna aliyekuwa anacheka.

Raundi ya tano ikafunguka. Barabara ya vumbi jekundu. Magunia ya makaa yamesimama kando, yamefungwa kwa nyasi midomoni. Pikipiki imeegeshwa. Ukuta wa matofali ya udongo. Mbali, nguzo ndefu za umeme zinashuka bondeni.

"Njo kwetu," akasema mchimbaji.

"Tumeanza tena," nikasema.

"Papa, hapana, ona nguzo. Ile ni njia ya Nzilo, kwenye bwawa ya umeme. Mi nilipita pale na baiskeli."

"Na Ghana ulipita na baiskeli pia?"

Nikainamisha macho chini ya picha, kama kawaida yangu. Hakuna bomba. Hakuna chuma. Hakuna utepe. Kulikuwa na duara la ukungu tu. Nikasema: doa la chini, kamera ya tatu, hakuna bomba, kwa hiyo si Kenya; udongo mwekundu, makaa, hiyo ni Uganda, kusini magharibi. Sauti yangu ilikuwa na uhakika wa mtu anayeuza chaja.

Zilibaki sekunde arobaini. Mwalimu alisimama, akakaa, akasimama. "Ukuta uko juu," akasema. "Sababu gani ukuta uko juu ya macho yetu?"

"Mlima," nikasema. Sikuufikiria.

"Lakini inafanana kabisa, mwalimu," mchimbaji akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Kabisa kabisa."

Mwalimu akanigeukia. Mkono wake ulikuwa kwenye kipanya. "Papa, daftari inasema nini?"

"Kongo hakuna gari. Hakuna gari, hakuna picha."

Akabofya Mbarara.

Alama ya jibu ikatokea, na mstari ukaanza kushuka kutoka Uganda. Ulishuka taratibu, ukapita ziwa, ukaendelea kushuka. Ukasimama kaskazini ya Kolwezi, kwenye njia ya Nzilo, safari ya nusu saa na kitu kwa pikipiki kutoka pale tulipokuwa tumekaa. Mstari wa Dakar ulikuwa mfupi: walibofya Lubumbashi. Wao elfu nne mia mbili na kumi na nne, sisi elfu mbili mia moja themanini na tatu. Nilihesabu. Tulishindwa kwa pointi mia nne ishirini na moja. Nikahesabu tena, safari hii kwa matumaini.

Klabu ya Dakar walituandikia kwa adabu. Walisema ramani ya nchi zote inachukua hata vile vitone vya watu, na duara lile la chini halikuwa doa la gari. Ni mahali mtu alipofuta miguu ya kifaa chake. Na kivuli kilichokuwa barabarani kilikuwa cha mtu mmoja na fimbo. Na kamera ya gari iko juu ya paa, inaziangalia kuta kutoka juu. Hii ilikuwa kwenye urefu wa macho ya mtu. Ndiyo maana ukuta ulitupita kimo. Mwalimu alikuwa ameliona hilo. Nilimjibu kwa neno moja.

Prefe aliingia chumbani. Alikaribia skrini, akavaa miwani.

"Hii si njia ya Nzilo?"

Mchimbaji alitazama viatu vyake.

"Prefe," nikaanza, "nusu ya Jumamosi. Kuchapa wanaanza saa nane, sisi tunatoka saa nane kasoro."

"Hapana, papa."

"Jumamosi moja kwa mwezi."

"Hapana."

"Wanafunzi peke yao. Sisi wawili tusionekane."

Hapo alivua miwani, nikadhani nimepata pa kushikia. Akamtazama mwalimu. "Mama, sharti ulilisikia?"

"Nililisikia."

"Sasa nitawaambia nini wazazi? Kwamba walimu wa dunia walishindwa kuona Nzilo?"

Mwalimu alitoa ufunguo mfukoni na kuuweka juu ya meza, bila kuurusha. Alizima mashine moja moja, zote tano. Ile ya tano ilichukua muda, ikiwa bado inaonyesha magunia ya makaa, na hakuiharakisha.

Nje kulikuwa na jua la saa tisa na malori ya madini yakitimua vumbi barabarani. Mchimbaji alimwambia mwalimu, "Mama, mi ilifaa nigombane zaidi, lakini nilizoea kukosea."

"Najua," akasema mwalimu. Kisha akanigeukia mimi. Nilijiandaa kwa matusi. Nilistahili hata ya kuongezewa juu.

"Kama ungekuwa peke yako kwenye ile mashine," akauliza, "ungebofya wapi?"

Nilitafuta jibu la kumpunguzia bei.

"Uganda," nikasema.

Alitikisa kichwa, akashika njia ya nyumba za kampuni, akitembea haraka kama kawaida yake. Jumatatu alikuwa anaanza somo la Asia, kwa ile ramani iliyopasuka, na wale kumi na wawili walikuwa hawajaambiwa kuhusu chumba.