Ukanda Ulioshonwa Wakati wa Sala

Nilikuwa karani wa kinu cha mvuke cha mafuta ya nazi, huko Makupa. Kila Alhamisi nilisoma daftari la fundi wa mtambo, nikamwandikia msimamizi ukurasa mmoja: mtambo ulisimama kwa nini, kwa muda gani, na ulitengenezwa vipi.

Wiki moja fundi aliandika siku tano mfululizo: “Adhuhuri. Sala, dakika ishirini. Ukanda umeshonwa.” Maskini, aliushona ukanda wa ngozi uzungushao kinu wenzake wakisali, asije akalaumiwa kwa kusimamisha kazi. Nami, mpumbavu nipendaye ukurasa safi, nikaandika: “Sala, dakika mia moja. Matengenezo hakuna.” Sala ilikuwa na ruhusa, nani angeuliza?

Jumamosi ukanda ulikatika, ukampiga fundi kifuani. Tulimzika kabla ya Magharibi.

“Karani, mbona hukuniambia ukanda umechakaa?” msimamizi alinifokea.

Alhamisi iliyofuata nikaandika: “Ukanda kukatika. Siku mbili. Umefungwa mpya.” Ukurasa ule ulikuwa na safu tatu tu: sababu, muda, matengenezo. Nikautazama, nisipate mahali pa kumwandika fundi.