Sarafu ya kumi na tatu

Kule Burundi, Nibizi alikuwa mwalimu wa hesabu. Huku Kongo, upande wa Baraka, alikuwa mama wa jembe, analima mihogo katika mashamba ya watu, na mikono yake ilikuwa imeota sugu hata chaki ilimteleza siku ile alipoishika tena. Diploma yake ilibaki ndani ya nyumba iliyoungua. Kila shule aliyobisha hodi walimsikiliza vizuri, wakamwambia arudi na diploma.

Basi mwalimu wa hesabu wa shule moja ya sekondari, karibu na ziwa, akahamia Uvira. Perefe Casimir, mkuu wa shule ile, akamwita Nibizi.

"Mama, mi sina shida na makaratasi," akamwambia. "Kuja ufundishe somo moja mbele ya batoto. Bazazi ba komite batakaa pale nyuma, baone. Ukimaliza vizuri, kazi ni yako."

Nibizi akaazima viatu kwa jirani, akaenda.

Mezani, mbele ya ubao, palikuwa na mizani ya maabara, ile ya sahani mbili, na kando yake sarafu za Tanzania, zile zinazoletwa na watu wa maboti kutoka Kigoma. Zilikuwa kumi na tatu. Wazazi watatu wa komite walikaa nyuma, mikono kifuani. Perefe akasimama dirishani, uso unang'aa kama mtu anayekaribia kuonja chakula cha utotoni.

"Batoto, musikilize. Kati ya hizi sarafu moja si sawa na zingine. Nilimupatia fundi wa saa, nikamwambia aipunguze ao aitie risasi kidogo, vile anapenda, na asiniambie. Kwa macho hauione. Mama Mwalimu atapima mara tatu tu. Kisha atatuambia ni ipi, na kama ni nzito ao nyepesi. Mwalimu wangu alifanya hivi mbele yetu, tulipiga makofi mpaka mikono ikauma!"

Nibizi alilifahamu fumbo hili. Alikuwa amelifundisha mwenyewe, miaka ile. Lakini yeye alilifundisha kwa sarafu kumi na mbili. Akazihesabu tena kwa kidole. Kumi na tatu.

"Perefe, kumi na mbili inawezekana. Naweza kutoa moja?"

"Apana, Mama. Ni kumi na tatu. Nakumbuka vizuri."

Darasa likanong'ona. Nibizi akageukia ubao. Kufundisha ndiko alikokujia.

"Mizani iko na majibu ngapi?" akauliza.

"Mbili, Madame!" akajibu kijana mmoja. "Inashuka huku ao inashuka kule."

"Na kama imelala sawa, ni bubu?"

Wakacheka. Fanny, msichana wa benchi la mbele, akasema, "Tatu, Madame."

"Njo vile. Kupima mara moja, majibu tatu. Mara mbili, tisa. Mara tatu, makumi mbili na saba. Sasa, kila sarafu inaweza kuwa nzito ao nyepesi. Kumi na tatu mara mbili?"

"Makumi mbili na sita!"

"Basi inaenea!" Perefe akapiga paja. "Sita iko chini ya saba."

"Inaonekana inaenea, Perefe. Lakini muone mwanzo." Akaandika. "Nikiweka nne huku na nne kule, zikilala sawa, mbaya iko kati ya tano zilizobaki. Tano, nzito ao nyepesi, ni mambo kumi. Na nimebaki na kupima mara mbili, majibu tisa. Moja inakosa kiti. Nikiweka tano kwa tano, mizani ikishuka upande mmoja, mashaka yako juu ya zote kumi: za upande ulioshuka labda nzito, za upande uliopanda labda nyepesi. Tena mambo kumi, majibu tisa. Nikiongeza ao nikipunguza, ni mubaya zaidi."

Nyuma, mzazi mmoja akakohoa. "Huyu anakuja kutufundisha ao kutuambia haiwezekane?"

Nibizi akaweka chaki chini. Akajaribu mlango wa mwisho.

"Ningekuwa na sarafu moja ingine, ile tunajua kabisa ni nzima, ningemaliza bila shaka. Nani iko na moja ya namna hii?"

Wanafunzi wakajipapasa kwa utani, wakatoa faranga za Kongo, karatasi zilizochakaa.

"Madame, kwetu feza haililie mufukoni!" Darasa zima likaangua kicheko.

"Mwalimu wangu hakuomba kitu kwa muntu," Perefe akasema polepole. "Pima tu, Mama."

Angekataa, kazi ingepotea. Angepima, ni sarafu moja tu kati ya zote ingeweza kumshinda. Akazipa namba kwa chaki, akaweka nne za kwanza huku na nne zilizofuata kule.

Mizani ikalala sawa.

"Nane hizi ni nzima," akawaambia. Akachukua ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja, akazipima na tatu kati ya zile nzima. Alikuwa akiomba kimoyomoyo zishuke au zipande, vyovyote vile.

Mizani ikalala sawa.

Sasa hata wazazi walisogeza vichwa. Nibizi akaweka ya kumi na mbili sahani moja, nzima moja sahani ya pili, akaondoa mkono. Sahani zikacheza kidogo. Zikatulia. Sawasawa.

Akaokota ya kumi na tatu. "Ni hii."

Makofi yakaanza. Perefe akainua kidole. "Nzito ao nyepesi?"

"Sijue, Perefe."

"Mama..."

"Haijagusa mizani hata mara moja. Hakuna muntu anaweza kujua."

"Mwalimu wangu alijua."

Nibizi akamwangalia. "Alianza namna gani?"

"Tano kwa tano. Naona sahani mpaka leo."

"Na mezani zilibaki ngapi?"

"Nne," Perefe akasema bila kufikiri. "Zilikuwa nne, zimepangwa kwa musitari."

"Tano, na tano, na nne."

Midomo ya Perefe ikahesabu bila sauti. Fanny alikwisha kumaliza. "Kumi na ine," akasema.

"Alikuwa na moja nzima pembeni, kama ile niliomba," Nibizi akasema. "Aliiweka pamoja na zingine."

Perefe akaangalia ubao, akaangalia wanafunzi, kisha wale watatu wa nyuma.

"Ni zamani," akasema mwishowe. "Labda zilibaki tatu."

Akamsindikiza mpaka barazani, akasimama naye kwenye kivuli, akichezea funguo.

"Uko unafundisha muzuri, Mama. Mi nimeona. Lakini bale ba komite bataniuliza kitu kimoja tu: alimaliza? Niseme nini?"

"Sema ukweli, Perefe."

"Ukweli njo huo. Haukumaliza." Hakuweza kumtazama usoni. "Kesho kunakuja kijana mumoja kutoka Nundu. Iko na diploma."

Nibizi akamshukuru, akashuka uani. Vumbi la chaki lilikuwa bado mikononi; hakulifuta. Alipofika penye dirisha la darasa akasikia benchi zinaburutwa, watoto wanasukumana kuizunguka meza, na mtu anasema, "Weka ile yake, weka tuone!"

Sahani ikagonga.

"Nyepesi!" wakapiga kelele wote pamoja. "Madame! Ni nyepesi!"

Nibizi akaendelea kutembea, viatu vya jirani vikimbana, akielekea mashambani kabla jua halijawa kali.