Nilipowaambia Watoto Kwamba Nimepotea

Mwaka ule nilifundisha darasa la nne katika shule moja ya upande wa Rudewa. Vipindi vikiisha nilibaki na watoto wachache waliokuwa nyuma katika kusoma. Mmoja alikuwa binti wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Alisoma kwa sauti safi bila kukwama, lakini ukimuuliza amesoma nini, anatazama chini.

Nikaamua kuwasomea huku nikisema yote yanayopita kichwani mwangu. Niliandika ubaoni: Babu alipanda mti nyuma ya nyumba. Kila jioni aliumwagilia maji.

“Namwona babu yuko juu, kwenye matawi,” nilisema baada ya sentensi ya kwanza. Nilipomaliza ya pili nikasimama. “Hapa nimepotea. Mtu aliye juu ya mti anaumwagiliaje? Narudi nyuma. Labda huku kupanda si kukwea, ni kuotesha. Nasoma tena nione kama inakaa sawa.”

Ikakaa. Watoto walinitazama kwa mashaka. Hawakuwa wamewahi kusikia mwalimu akisema amepotea. Lakini walizoea, wakaanza kufanya wenyewe. Binti wa wafugaji akawa hodari kuliko wote wa kusimama na kurudi.

Kisha ng'ombe wa wafugaji wakaingia shamba la mahindi, watu wakapigana, na mkulima mmoja akafa. Alikuwa baba mdogo wa binti mwingine wa kundi langu.

Baada ya mazishi wote wawili walikuja. Wenzao walisogea mbali, binti wa wafugaji akabaki peke yake kwenye dawati. Zamu yake ilipofika alisoma mfululizo mpaka mwisho, kama zamani. Nilimuuliza kama kuna mahali palipomchanganya. Akasema hapana. Nikaelewa: kati ya watu wanaokuchukia, nani atakiri kwamba amepotea?

Aliyefuata alikuwa yule aliyefiwa. Alisoma: Mama alikwenda kuomba kaa kwa jirani. Alirudi nalo, akawasha jiko.

“Hapa nimepotea,” alisema. “Nilidhani anaomba kukaa kwa jirani. Mbona amerudi?”

Ndipo binti wa wafugaji akasema, bila kuinua uso, “Rudi nyuma. Soma na ile ya jiko. Ni kaa la moto.”

Mwenzake akarudia polepole, akatikisa kichwa kukubali. Hawakutazamana.

Usiku uleule banda la wale wafugaji lilichomwa. Familia iliondoka na mifugo iliyobaki, na kila niliyemuuliza walikokwenda alisema hajui. Sikumwona tena yule mtoto.

Baada ya siku chache mama wa aliyefiwa akaja. Alisema hataki mwanawe akae tena mahali alipokaa mtoto wa wale watu. Nilimweleza nani alimsaidia mwanawe kuelewa. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniaga kwa heshima, akamshika binti yake mkono wakaenda.